Kuongeza muda wa kibali cha mwanafunzi Ujerumani: tarehe inayohesabiwa si ya miadi

Chukua kadi yako ya kibali cha ukaazi na usome tarehe iliyo karibu na maneno GÜLTIG BIS. Wanafunzi wenzetu wengi walioko Ujerumani wanaikumbuka tarehe hiyo vizuri, ila wanaielewa visivyo. Wanadhani ndiyo siku ambayo kadi mpya inatakiwa iwe imeshatoka, kwa hiyo wakikosa miadi ya mapema wanakosa usingizi. Wengine wanapata miadi ya wiki mbili baada ya tarehe hiyo na wanatulia, wakiamini mambo yamekwisha. Wa kwanza anahangaika bure. Wa pili ndiye aliye hatarini.

Sheria ya Ukaazi ya Ujerumani, kifungu cha 81 aya ya 4, inauliza jambo moja tu: kabla kibali hakijaisha, je, ombi la kukiongezea muda lilikuwa limeshafika ofisini? Kama lilifika, kibali cha zamani kinahesabiwa kuwa bado kipo, pamoja na masharti yake yote na ruhusa ya kufanya kazi, mpaka ofisi itoe uamuzi. Hata uamuzi ukichukua miezi mitano. Kama ombi halikufika, basi usiku wa tarehe ile ukipita wewe huna kibali, hata kama matokeo yako ni ya juu kuliko ya darasa zima.

Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti: kulinda uhalali wako, na kupata kadi mpya. La kwanza ni la dakika kumi na barua moja. La pili ni la miezi. Matatizo mengi ninayoyajua yalitokana na kuyachanganya haya mawili.

Hatua ya kwanza: anza na paspoti, miezi 6 kabla

Watu huanza na fedha. Mimi nasema anza na paspoti, kwa sababu kibali hakitolewi kwa muda unaozidi uhai wa paspoti. Kibali cha masomo, kile cha kifungu cha 16b, kwa kawaida huongezwa kwa miaka 2. Lakini kama paspoti yako imebakiza miezi minne, utapewa kadi ya miezi minne, utalipa ada ileile, kisha utaanza mzunguko upya.

Wakenya na Watanzania wote wana balozi zao Berlin. Paspoti za siku hizi ni za kielektroniki na zinahitaji alama za vidole, hivyo anayesoma Aachen au Freiburg ajipange kwa safari ya kufika Berlin na kwa kusubiri ambako hakuna ofisi ya Kijerumani inayoweza kukupunguzia. Ukichelewa hapo, tunza risiti ya maombi ya paspoti. Ofisi ya wageni mara nyingi huikubali kama ushahidi kwamba unalishughulikia, na faili lako haliwekwi kando.

Kama umehama mji, fanya jambo jingine sasa hivi: jiandikishe anwani mpya. Ofisi inayohusika na kibali chako ni ya mahali unapoishi, si ya mahali chuo kilipo. Faili lako lazima lisafiri kutoka ofisi ya zamani kwenda mpya, na mafaili ya Ujerumani hayana haraka.

Hatua ya pili: peleka ombi, miezi 2 hadi 3 kabla

Ofisi ya wageni huitwa Ausländerbehörde, ingawa Berlin inaitwa Landesamt für Einwanderung na miji mingine ina majina yake. Miji mingi ina fomu ya mtandaoni. Kama mji wako unayo, itumie, kisha hifadhi uthibitisho unaotoka mwisho: pakua faili la PDF, piga picha ya skrini yenye tarehe na namba ya ombi, halafu ujitumie mwenyewe kwa barua pepe.

Kama fomu haifunguki, au mfumo wa miadi unasema hakuna nafasi kila siku kuanzia saa moja asubuhi, usikae unabofya mpaka kadi iishe. Sheria haidai ombi liwe kwenye fomu maalumu. Barua fupi inatosha kulinda tarehe, na nyaraka nyingine zitafuata. Andika hivi, kwa Kijerumani, ukiongeza jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya kadi, na kuweka tarehe ya kadi yako mwenyewe mahali pa 30.09.:

```
Sehr geehrte Damen und Herren,
hiermit beantrage ich die Verlängerung meiner
Aufenthaltserlaubnis nach § 16b AufenthG,
gültig bis 30.09.
Ich bitte um eine Eingangsbestätigung und um eine
Fiktionsbescheinigung nach § 81 Abs. 4 AufenthG.
```

Eingangsbestätigung ni uthibitisho kwamba ombi limepokelewa, na Fiktionsbescheinigung ni karatasi inayothibitisha kwamba kibali cha zamani bado kinahesabiwa kuwa kipo. Neno la kuliangalia hapo ni *beantrage*, yaani "naomba" kwa maana ya kisheria. Ujumbe unaosema "ningependa kupata miadi" ni ombi la miadi. Baadhi ya miji inakubali kuuhesabu kama ombi la kibali, mingine haikubali, na hakuna sababu ya wewe kuwa mtu wa kujaribiwa nao. Andika kwamba unaomba kibali kiongezwe. Miadi ije baadaye.

Barua hiyo ipeleke kwa njia mbili. Moja iwe barua pepe au fomu ya mawasiliano ya ofisi. Ya pili iwe karatasi yenye sahihi yako, ama kwa posta ya aina ya Einwurf-Einschreiben, ambayo mpeleka barua huandika siku aliyoitumbukiza, ama kwenye sanduku la barua la ofisi yenyewe ukiwa na rafiki wa kushuhudia. Mashine ya faksi, ambayo kwetu tuliiaga zamani, huko bado inaheshimika, na ripoti yake ya kutuma ni ushahidi mzuri. Usicheke.

Hatua ya tatu: kusanya nyaraka

Orodha ya ofisi huwa ndefu, lakini nyingi ni za kuchapisha tu: paspoti, kadi ya zamani, mkataba wa pango, uthibitisho wa anwani, barua ya bima ya afya. Picha ya paspoti sasa ni ya kidijitali. Tangu Mei 2025 huwezi kupeleka karatasi. Unapigwa kwa mpiga picha aliyesajiliwa au kwenye mashine ya ofisini. Bima ina mtego mmoja: bei nafuu ya mwanafunzi kwenye bima ya umma huishia mwisho wa muhula ambao unatimiza miaka 30. Ukivuka hapo michango inapanda, na usipoilipa, barua ya bima unayoihitaji haitatoka.

Nyaraka zinazoamua ni tatu.

Ya kwanza ni cheti cha usajili chuoni, Immatrikulationsbescheinigung. Muhula wa baridi huanza tarehe 1 Oktoba, na vibali vingi huisha tarehe 30 Septemba, kwa hiyo cheti ulicho nacho wakati wa kuomba ni cha muhula unaokwisha. Hilo si kosa. Kiambatishe, kisha lipa mchango wa muhula ndani ya muda wa Rückmeldung, yaani kujisajili upya, na utume cheti kipya kikitoka. Ukisahau Rückmeldung chuo kinaweza kukufuta usajili, na hapo sababu yenyewe ya kibali inakuwa haipo.

Ya pili ni fedha. Kiasi kinachotumika tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, yaani yuro 11,904 kwa mwaka. Wengi wanaamini lazima fedha zote ziwe kwenye akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, ambayo hukuruhusu kutoa kiasi cha mwezi tu, kama wakati wa kuomba viza Nairobi au Dar es Salaam. Wakati wa kuongeza muda mambo ni malegevu kidogo: unaweza kuchanganya mshahara wa kazi ya muda, ufadhili, akaunti iliyofungwa, au tamko la mdhamini anayeishi Ujerumani, Verpflichtungserklärung. Kinachoangaliwa ni fedha zinazokuja, si zilizopita. Fedha zilizoingia mara moja wiki ya kuomba, bila maelezo, huleta maswali. Nimeona taarifa ya benki yenye yuro 5,000 za mkopo wa marafiki ikirudishwa na swali la mstari mmoja: fedha hizi ni za nani?

Ya tatu, na ndiyo inayopuuzwa, ni maendeleo ya masomo. Kifungu cha 16b kinasema kibali kinaongezwa kama lengo halijafikiwa na linaweza kufikiwa ndani ya muda unaofaa. Kwa miongozo ya maofisa, mwanafunzi huhesabiwa anasoma ipasavyo mradi hajapitisha wastani wa muda wa kozi hiyo chuoni kwake kwa zaidi ya mihula 3. Ofisa ataangalia orodha ya alama zako, na akiona pengo atakuomba barua ya chuo. Usingoje aombe. Kama umechelewa, tafuta barua ya profesa au ya mshauri wa kozi inayosema nini kimebaki na kitamalizika lini. Kama uliugua, ambatisha cheti cha daktari. Ofisa haruhusiwi kukukatalia kimya kimya. Kabla ya kukataa anatakiwa kukuandikia akupe nafasi ya kujieleza. Ila barua hiyo ina tarehe ya mwisho, na ukiiacha kwenye sanduku bila kuifungua kwa kuwa Kijerumani chake kinatisha, nafasi imepita.

Mfano mmoja, kwa mahesabu

Chukulia dada kutoka Mwanza anayesoma shahada ya uzamili ya mihula 4, pointi 120. Kibali chake kinaisha tarehe 30 Septemba. Mwezi Juni yuko mwisho wa muhula wa nne na ana pointi 74. Paspoti yake inaisha Februari inayofuata.

Mwezi Aprili ameshaenda Berlin kuomba paspoti mpya na amerudi na risiti. Katikati ya Juni anaangalia fedha. Anafanya kazi ya wanafunzi na analipwa yuro 620 kwa mwezi baada ya makato, na mkataba wake unaendelea mwaka mzima ujao. Anatoa 620 kwenye 992, inabaki 372. Mara 12, ni yuro 4,464. Hizo ndizo anazohitaji kuziweka kwenye akaunti iliyofungwa, si 11,904. Kaka yake anamtumia, naye anahifadhi uthibitisho wa kutumwa. Anahakikisha pia kwamba kazi yake haizidi kikomo cha siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, kikomo kilichopo tangu Machi 2024, kwa kuwa hati za mshahara anazopeleka ndizo zitakazoonyesha kama amevuka.

Pointi ndizo zinazomkosesha raha. Zimebaki 46: tasnifu ni 30, na moduli za pointi 16. Anamwendea profesa wake, anamweleza, anapata barua fupi isemayo kwamba moduli zitakwisha Februari na tasnifu mwishoni mwa Septemba mwaka ujao. Hiyo ni mihula 2 juu ya mpango wa kozi. Inajadilika.

Tarehe 8 Julai anatuma ombi mtandaoni na kuhifadhi PDF. Agosti paspoti mpya inafika, anatuma nakala. Septemba mwanzoni cheti kipya cha usajili kinatoka, naye anatuma. Tarehe 15 Septemba bado kimya. Anaandika tena, safari hii akiomba jambo moja tu: Fiktionsbescheinigung. Anaitwa tarehe 26, analipa yuro 13, anatoka nayo. Miadi ya alama za vidole inakuja Novemba, ada ya kuongeza muda ni yuro 93, na kadi inatengenezwa Berlin kwenye kiwanda cha serikali cha Bundesdruckerei, jambo linalochukua wiki nne hadi sita hivi. Kadi anaishika karibu na Krismasi. Miezi mitatu bila kadi, na hakuna siku hata moja aliyokuwa nje ya sheria.

Hiyo karatasi ya Fiktion

Wanafunzi wanaiita Fiktion tu. Ni karatasi inayokunjwa, ina picha yako, na ndani kuna visanduku. Kagua kisanduku kilichotiwa alama kabla hujatoka ofisini: kinatakiwa kuwa cha § 81 Abs. 4. Visanduku vya aya ya 3 vina maana nyingine, na ukiwa na alama kwenye kimojawapo huwezi kutoka nchini ukategemea kurudi. Ukiona kisicho chako, uliza palepale.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba karatasi hii haikupi haki, inaithibitisha tu. Haki ilianza siku ombi lilipofika. Lakini mwajiri, ambaye kisheria lazima akague kibali chako na kutunza nakala, hataki nadharia. Benki nayo ni hivyohivyo. Ndiyo maana uiombe mapema.

Unaweza kwenda nyumbani ukiwa na Fiktion ya aya ya 4, paspoti, na kadi ya zamani, vyote pamoja. Tatizo huwa kwenye kaunta ya ndege ya kurudi, ambapo mhudumu anaona kadi iliyoisha na karatasi asiyoijua. Fika mapema, na chagua safari ambayo uwanja wa kwanza wa Ulaya kuutua ni wa Ujerumani kwenyewe: kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul hadi Frankfurt ni salama kuliko kupitia mji mwingine wa Schengen, ambako ofisa wa mpakani huenda hajawahi kuiona. Kama safari si ya msiba wala harusi ya dada, subiri kadi.

Ukipitwa na tarehe

Kijana mmoja tuliyekaa naye bweni moja kadi yake iliisha siku ya Ijumaa, na miadi ilikuwa Jumanne. Aliipata miadi hiyo kwa mfumo wa kubofya tarehe, hakuandika neno lolote la kuomba. Jumanne ofisa alimwambia ombi limechelewa kwa siku nne. Mwajiri alipopata habari alimsimamisha kazi siku hiyohiyo, na kijana hakumlaumu, kwa kuwa kumwajiri asiye na kibali ni kosa la mwajiri pia.

Kilichomwokoa ni sentensi ya tatu ya ile aya ya 4. Inasema ombi likichelewa, ofisi inaweza kuamuru kibali kihesabiwe kinaendelea, ili kuepusha ugumu usio wa haki. Inaweza, hailazimiki. Aliandika barua akieleza kwa nini alichelewa, akaambatisha uthibitisho wa miadi wenye tarehe ya kabla kibali hakijaisha, na ofisi ikakubali baada ya wiki saba. Wiki saba bila mshahara, na pango linadaiwa.

Ukijikuta hapo, fanya haya kwa mfuatano. Peleka ombi leo, si kesho, na ndani yake uombe waziwazi kibali kihesabiwe kinaendelea, ukitaja sababu na ushahidi. Acha kazi kwa muda huo, hata kama bosi hajauliza. Usitoke Ujerumani, kwa sababu hutakuwa na hati ya kurudia, na itabidi uombe viza upya kutoka mwanzo. Kisha nenda kwa washauri wa kisheria wa umoja wa wanafunzi au wa Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi. Wengi hawatozi kitu, na wamezoea kesi za namna hii.

Hatari yenyewe ina ngazi. Kisheria mtu asiye na kibali anatakiwa kuondoka, na kukaa bila kibali ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha mwaka 1 au faini. Mwanafunzi aliyechelewa siku chache na kujisalimisha mwenyewe ofisini hayuko karibu na ngazi hiyo. Aliyekaa miezi kimya akiogopa ndiye anayejisogeza. Kuna pia gharama ya mbali: ukija kuomba kibali cha kudumu, pengo la mpaka mwaka 1 linaweza kusamehewa, ila msamaha huo uko mikononi mwa ofisa.

Ofisi ikinyamaza, na kadi ikifika

Ombi likikaa zaidi ya miezi 3 bila uamuzi wala sababu, mahakama ya utawala hupokea madai dhidi ya ukimya huo. Wachache hufika huko. Barua ya mwanasheria inayoitaja njia hiyo mara nyingi hufanya faili lipatikane.

Uamuzi ukiwa wa kukataa, kinga ya aya ya 4 inaisha siku hiyo, na pingamizi peke yake halikurudishii. Lazima ombi la haraka liende mahakamani, kwa hiyo siku ya kupokea barua ndiyo siku ya kumtafuta mwanasheria.

Kadi ikifika, isome ukiwa bado kaunta: jina lilivyoandikwa, tarehe, na karatasi ya nyongeza, Zusatzblatt, yenye masharti ya kazi. Kosa la herufi likigunduliwa nyumbani linaweza kukurudisha kwenye foleni. Na kama utamaliza masomo kabla kadi hiyo haijaisha, kibali cha kutafuta kazi cha miezi 18 nacho kinaombwa kwa kanuni ileile: ombi lifike kabla ya tarehe iliyo kwenye kadi, hata kama cheti cha shahada bado kinachapishwa.